Babu Alizikwa Mara Tatu

Babu yangu mzaa mama alifariki mwaka 2009, akazikwa Msambweni siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri. Kwa mujibu wa simu ya bosi wangu, alifariki tena Mei 2022, kisha akafariki tena Februari 2023.

Bosi hakunifokea. Alinivutia kiti, akafungua wasapu yetu, akaandika "mazishi" pale juu pa kutafutia, akanipa simu. "Nisomee hii." Nikasoma. "Na hii." Nikasoma. "Sasa wewe, babu yako anakufa mara ngapi?"

Kisha akaandika "feri". Zikatoka tano. Naishi Likoni, na ofisi yetu iko kisiwani, kwa hiyo feri kukwama ni udhuru ambao mtu wa Mombasa hahitaji kuueleza. Lakini mwenzangu wa meza ya pili naye ni wa Likoni. "Siku hii," bosi akasema, akigonga kioo kwa kucha, "mwenzako alivuka saa moja na nusu, saa mbili alikuwa hapa anakunywa chai. Feri ilikukwamia wewe peke yako?"

Sikuwa na jibu, na sababu moja ya kukosa jibu ilikuwa ya kijinga kabisa. Mimi ile wasapu nilikuwa nimeifuta. Simu yangu ilikuwa imejaa, kila baada ya miezi miwili nafuta mazungumzo nipate nafasi. Nilichomwambia bosi mwezi Mei kilikuwa kimetoka kichwani na kwenye simu kwa pamoja. Kwake kilikuwepo chote, na tarehe, na saa, na ile salamu ya unyenyekevu niliyotangulizia. Ndivyo udhuru ulivyo: anayetuma husahau, anayetumiwa hubaki nao. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Siku hizi imefupishwa zaidi, ni neno moja tu pale pa kutafutia.

Kilichoniuma ni kwamba zile siku zote nilikuwa na sababu ya kweli, na ilikuwa ile ile kila mara.

Kijana wangu ana selimundu. Alikuwa na miaka minane wakati huo. Chembe zake nyekundu za damu hugeuka umbo la mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na pale zinapokwama panauma maumivu ambayo siwezi kuyaelezea, nimeyaona tu usoni mwake. Hayapigi hodi. Leo anacheza mpira, usiku wa manane anaushika mguu wake kama si wake. Mama yake yuko Muscat, anafanya kazi za nyumbani kwa mkataba. Wa kumpeleka hospitali ni mimi.

Mara ya kwanza nilisema ukweli. Niliandika, "Mtoto mgonjwa, nimempeleka hospitali." Kesho yake ofisini swali la kwanza halikuwa "anaendeleaje?" Lilikuwa "mama yake yuko wapi?" Mwingine akacheka, akasema mimi ni yaya. Jioni mtu wa hesabu akanivuta pembeni, anataka jina la ugonjwa, kisha akanieleza kuhusu mtoto wa jirani yake ambaye hakufika miaka kumi. Nikaapa sitarudia. Mwanamume akifiwa au akikwamishwa na feri, haulizwi swali la pili. Basi nikawa mtu wa feri na mazishi.

Bosi alinipa onyo kwa mdomo, na hasira yake ilikuwa ya haki. Kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini. Nisipofika na karatasi ziko kwangu, kontena linabaki ndani, siku za bure zinakwisha, na gharama ya kuhifadhi inaanza kuhesabiwa kwa dola. Siku ya mazishi ya tatu ya babu, mteja mmoja alilipa kwa ajili yangu.

Jioni ile kabla ya kuvuka nilinunua daftari la shilingi 60. Nisijifanye mwema: nililinunua ili nidanganye vizuri zaidi. Ukurasa wa kwanza niliandika "Waliokwisha kufa", nikamweka babu, na shangazi niliyemuua mwaka uliotangulia. Chini nikaandika "Feri", na tarehe zote tano.

Wiki tatu tu zikanichosha. Uongo mmoja ulihitaji mistari mingi. Niliposema nina malaria, ilibidi niandike nimemwambia nani, nani mwingine atasikia, duka gani nisionekane siku hiyo, dawa gani nitasema nimepewa, na kwamba kesho nikifika niwe mnyonge kidogo. Mwenzangu aliniletea machungwa. Nikaandika: "Machungwa, mshukuru." Chini ya hayo yote, kwa herufi ndogo, niliandika kilichotokea kweli: "Goti la kushoto, saa sita usiku." Nikautazama ukurasa. Uongo ulikuwa na mistari kumi na moja, ukweli mmoja. Nikaligeuza daftari, nikaanza upya kutokea nyuma.

Tangu hapo kila siku niliyokosa ina mambo matano. La kwanza ni tarehe, na nilichokosa: siku nzima, nusu siku, au kikao cha chama. La pili, kilichotokea, jinsi nilivyokiona. La tatu, nilichotuma, neno kwa neno, nimemtumia nani, saa ngapi. La nne, karatasi iliyopo: kadi ya kliniki, risiti ya duka la dawa. La tano, nilichoahidi. Kabla ya kutuma udhuru mpya, nasoma mitatu iliyotangulia. Hiyo ndiyo kazi yote. Haichukui dakika tano.

Saa naandika kama inavyosomeka kwenye simu. Hili nilijifunza baada ya kuandika "saa kumi na mbili" na wiki mbili baadaye kushindwa kukumbuka kama ilikuwa alfajiri au magharibi. Simu inasema 06:20, nami naandika 06:20. Na sifuti kwa rangi nyeupe wala sichani karatasi. Nikikosea nakata kwa mstari mmoja, neno la kwanza libaki linasomeka, naandika la pili pembeni. Ndivyo tunavyofanya na hati za mizigo, maana hati iliyofutwa haiaminiwi hata ikisema kweli.

Nitaeleza siku moja, Jumanne tarehe 11 Julai 2023. Mwezi huo Mombasa huwa na ubaridi wake, na baridi ni adui wa watoto hawa. Kijana aliamka saa nane usiku, miguu yote miwili. Nilimpa maji, dawa ya maumivu, nikamfunika. Saa tisa na nusu nikampima joto: 38.6. Kwa mtoto wa selimundu, homa namna hiyo haingojei asubuhi, kliniki walishanionya. Nilimbeba mgongoni hadi kivukoni, tukavuka na wauza samaki, saa kumi na moja kasoro tukawa hospitalini.

Kwenye benchi, kabla daktari hajaja, nilianza kuandika ujumbe. Wa kwanza ulikuwa hivi: "Bosi, kijana amezidiwa sana, pengine atalazwa wiki nzima, ila kesho nitajitahidi nifike." Sikuutuma. Nilifungua daftari nikasoma mitatu iliyopita. Mwezi Aprili nilikuwa nimeandika "kesho nitakuwepo", na kesho yake sikuwepo. Sikuwa nimedanganya, niliamini kabisa. Lakini kwenye simu ya bosi ahadi iliyoaminiwa na ahadi ya uongo zinafanana, zote ni siku ambayo mtu alisema atakuja akakosa kuja.

Nikafuta. Saa 06:20 nikatuma huu: "Asalaam aleikum bosi. Mtoto ameamka na maumivu usiku na ana homa. Tuko hospitali tangu kabla ya saa kumi na moja, bado hajaonwa na daktari. Leo sitafika. Faili ya yale makontena mawili iko juu ya meza yangu, imekamilika, imebaki kulipiwa. Saa nane mchana nitakwambia kuhusu kesho."

Tazama kilichomo na kisichokuwemo. Nimesema ninachokijua saa hiyo, basi. Sijasema atalazwa, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Sijasema "amezidiwa sana", kwa sababu udhuru uliotiwa chumvi leo unaukosesha ladha wa mwezi ujao. Akizidiwa kweli, utaandika nini? Sijaahidi siku, nimeahidi saa ya ujumbe mwingine, na hiyo iko mikononi mwangu. Saa nane kamili nilituma: amelazwa, kesho pia sitafika, nitaandika tena kesho saa nane.

Na jina la ugonjwa sijalitaja. Hili lilinisumbua sana mwanzoni: je, kuficha si kudanganya? Nilikata shauri hivi. Kuacha jambo ni halali, kubadilisha ndiyo kosa. "Mtoto ni mgonjwa" ni kweli yenye mlango uliofungwa. "Mtoto ana malaria" ni mlango bandia uliochorwa ukutani, na siku moja mtu atajaribu kuufungua. Ugonjwa ni wa kijana, akikua ataamua mwenyewe wa kumwambia. Mwalimu wake anajua, kwa sababu lazima amruhusu kunywa maji na kwenda msalani anapotaka. Watu wa ofisini hawakuhitaji.

Jambo jingine lilikuja kwa kujumlisha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Lakini ni ugonjwa wake mwenyewe. Mtoto hayumo. Zile siku nilizokuwa nikisema "naumwa" nilikuwa nachota kwenye mfuko usio wangu, tena bila cheti. Siku za kijana zilipaswa kutoka kwenye likizo ya mwaka, ambayo kifungu cha 28 kinasema isipungue siku 21 za kazi. Nikaongeza jambo la sita daftarini: siku hii imetoka mfuko gani. Ndipo nikaona kwamba kufikia katikati ya Agosti mfuko ule ulikuwa mtupu.

Agosti hiyo nikakosa siku tatu zaidi. Mwenye kampuni akauliza. Nikapewa barua ya kujieleza.

Ilitaja kifungu cha 44: kukosa kazini bila ruhusa wala sababu halali ni kosa kubwa, mtu anaweza kufutwa papo hapo. Lakini kuna kifungu cha 41, lazima nisikilizwe kwanza, na niwe na mfanyakazi mwenzangu pale nikimtaka. Nilimchagua yule wa Likoni, wa machungwa. Usiku ule kabla ya kikao nilimweleza yote, kuanzia malaria. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi nirudishie machungwa yangu."

Kikao kilikuwa cha dakika arobaini. Bosi alisoma kutoka simu yake, mimi nikasoma kutoka daftari. Tarehe 11 Julai: maneno yale yale. Tarehe 12: yale yale. Unajua, kuna wakati alianza kunisubiri nimalize sentensi yeye akiwa ameishika kwa kidole. Nilitoa kadi ya kliniki, mihuri ikalingana na tarehe.

Siku moja haikulingana. Daftari lilisema Alhamisi, simu ikasema Jumatano. Nilitoka jasho. Kisha nikakumbuka: nilikuwa wodini, sikuandika hadi kesho yake, nikaweka tarehe ya siku niliyoandika. Nilieleza, na nadhani nilieleweka, lakini niliona nyuso zikibadilika. Kumbukumbu ikikosea mara moja, inazitia shaka hata zile tisa zilizo sawa. Tangu siku ile nikichelewa kuandika naanza hivi: "Ya tarehe fulani, imeandikwa tarehe fulani."

Mwenye kampuni akauliza kuhusu kabla ya Machi. Mazishi, feri. Daftari halikuwa na msaada hapo, na sikutaka liwe nao. Ningeweza kukaa nyumbani nikajaza kurasa za nyuma, nikatunga tarehe zikapendeza. Lakini daftari lililoandikwa baada ya barua ni barua tu, si kumbukumbu. Nikasema: "Zile ni uongo. Babu alikufa mwaka 2009. Mtoto ndiye alikuwa mgonjwa, sina karatasi ya siku zote."

Sikufutwa. Nilipewa onyo la mwisho kwa maandishi, siku tatu za Agosti zikakatwa kwenye mshahara, na siku za kabla ya Machi zimebaki kwenye faili langu kama utoro. Zitabaki. Nilichopata ni kwamba tarehe za kliniki sasa natoa mapema, mwanzo wa mwezi, na siku hizo mwenzangu anashika faili zangu. Bosi aliponirudishia daftari alisema neno moja tu: "Ungeanza na hili."

Ningemalizia hapo, lakini kuna ukurasa mmoja sijauzungumzia.

Ule mwezi wa Julai nilikuwa natuma ujumbe kwa watu wawili. Wa pili ni mke wangu. Naye nilikuwa namwandika daftarini, kwa sababu niliogopa shemeji yangu anayefanya kazi karibu na ofisini kwetu asije akasikia jambo moja na dada yake akasikia jingine. Nilijivunia kwamba sikumwambia uongo hata mara moja. Kwa nini nimwambie yote? Yuko mbali, mkataba wake hauruhusu kuondoka, angelia jikoni kwa watu.

Usiku mmoja Septemba, baada ya kikao, nilimpigia nikamwambia kuna daftari. Akasema nisomee. Nikamsomea Julai yote, yangu na ya bosi, na yake.

Tulipofika tarehe 11 akanisimamisha. "Hapo nilikupigia."

"Ndiyo."

"Nikakuomba niongee naye. Ukasemaje? Soma."

Nikasoma nilivyoandika, neno kwa neno: "Amelala, mke wangu. Kesho utaongea naye."

"Alikuwa wapi?"

"Wodini. Ana dripu mkononi. Lakini alikuwa amelala kweli, wallahi, walikuwa wamempa dawa."

Nikasikia sauti ya maji yakimiminika mahali fulani Muscat, kisha yakafungwa. "Mimi nilielewa amelala nyumbani," akasema. "Kitandani kwake. Nikalala vizuri siku ile."

Hakuna neno moja kwenye mstari ule lililokuwa la uongo. Lililingana na kadi, lililingana na simu, bosi mwenyewe asingepata pa kulishika. Na lilikuwa limemdanganya mtu mmoja kuliko mazishi yote ya babu.

Nikachukua kalamu pale pale. Nikauliza, "Ulielewa amelala nyumbani?" Akasema ndiyo. Nikaandika pembeni, na tarehe ya siku ile tuliyokuwa tukizungumza. Ndilo jambo la saba sasa: aliyepokea alielewa nini. Siwezi kulijaza peke yangu, lazima niulize, na mara nyingi nalijaza kwa kuchelewa.

"Endelea," akasema. "Tarehe 12."